Neno Gani Lifutwe? Kutunga jaribio la mapengo linalopima ufahamu wa Kiingereza

Kila Januari, watoto wa shule za serikali nchini Tanzania ambao wamesoma sayansi, hisabati na maarifa ya jamii kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukabidhiwa vitabu vya Kiingereza. Mwalimu wa Baiolojia anasimama mbele ya darasa la watoto 60 asijue ni wangapi watakaouelewa hata ukurasa wa kwanza. Akiwauliza kama wameelewa, wote wataitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu." Akiwapa kifungu cha habari na maswali chini yake, wengi watafanya walichozoea: wataangalia neno moja lililo kwenye swali, watalisaka ndani ya kifungu, kisha watanakili sentensi nzima lilimo. Mara nyingi watapata alama. Mwalimu atabaki hajui kama mtoto amesoma au amewinda tu.

Ipo njia nyingine, nayo haihitaji mashine wala fedha nyingi. Unachukua kifungu cha habari, unafuta baadhi ya maneno, na unamtaka mwanafunzi ayarudishe. Wakenya waliofanya mtihani wa darasa la nane kabla haujaondolewa mwaka 2023 wanaikumbuka kwa nafasi zake 15 zenye majibu manne kila moja, na watahiniwa wa kidato cha nne huko bado hukutana nayo kwenye karatasi ya kwanza ya Kiingereza, ambako wanapaswa kuandika neno wenyewe. Wataalamu huiita klozi. Mimi nitaiita jaribio la mapengo, maana ndivyo linavyoonekana mbele ya mtoto.

Kwa kuliangalia tu, mtu anaweza kudhani kwamba kulitunga ni kazi ya dakika kumi: kalamu nyekundu, kifungu, na kufuta. Ndiyo maana mengi yanayotungwa hayapimi ufahamu. Yanapima kama mtoto anajua kihusishi gani hufuata kitenzi gani, jambo ambalo ni zuri kulijua, ila si lile tulilotaka kulipima.

Aliyelianzisha ni Mmarekani Wilson Taylor, mwaka 1953, na hakuwa na nia ya kupima watoto. Alitaka kupima maandishi. Ukiwa na makala mbili za gazeti, utajuaje ipi ni ngumu zaidi kwa wasomaji? Taylor alifuta maneno kwa kufuata hesabu, kwa mfano kila neno la tano, bila kujali ni neno gani, akawapa watu wajaze. Makala ambayo watu waliweza kuirudisha kwa wingi ilikuwa rahisi. Iliyowashinda ilikuwa ngumu. Kufuta kwa hesabu kulikuwa na maana kwake, kwa sababu alitaka kila aina ya neno ipate nafasi sawa ya kufutwa, ili mkono wa mtunzi usiingilie.

Baadaye wataalamu wa lugha walichukua chombo hicho wakakigeuza kiwapime wasomaji badala ya maandishi. John Oller alikipigia debe sana katika miaka ya 1970 kwa wanafunzi wa lugha ya pili. Kikafika na kwetu. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Clive Criper na William Dodd, walitoa ripoti yao juu ya Kiingereza katika shule za Tanzania, na majaribio ya mapengo yalikuwa miongoni mwa vipimo vyao. Walieleza kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia masomo kwa Kiingereza yaanzie. Si kidato cha kwanza, cha nne. Ripoti hiyo imetajwa katika kila mjadala wa lugha ya kufundishia tangu hapo, na wengi wanaoinukuu hawajawahi kujiuliza kipimo chenyewe kilifanya kazi vipi.

Basi tukitazame kikifanya kazi. Hiki hapa ni kipande cha kifungu nilichokiandika kwa ajili ya makala hii, kwa kiwango cha mtoto anayeanza sekondari:

> Asha keeps bees in a small forest behind her village. She has twenty hives, and each one hangs from a tree by a strong wire. Her neighbours tie their hives with rope, but ants climb down the rope and eat the young bees. When Asha saw this, she put grease on her wire. The ants could not cross it. Last year her neighbours lost half their bees, while she lost none. Now they come to her house to ask for grease. She gives it to them, but first she asks each neighbour to plant one tree.

Kwa msomaji asiyekipata vizuri: Asha anafuga nyuki, mizinga yake inaning'inia kwa waya. Majirani wanafunga mizinga yao kwa kamba, na siafu na sisimizi wanateremkia humo na kula makinda ya nyuki. Asha akapaka grisi kwenye waya, wadudu wakashindwa kupita. Mwaka jana majirani walipoteza nusu ya nyuki wao, yeye hakupoteza hata mmoja. Sasa wanamjia kuomba grisi, naye anawapa kwa sharti kwamba kila mmoja apande mti.

Tuache sentensi ya kwanza ilivyo, kwa sababu msomaji anahitaji mahali pa kuingilia, kisha tuhesabu kuanzia sentensi ya pili na kufuta kila neno la saba. Maneno yanayoondoka ni haya 12: "one", "strong", "with", "rope", "Asha", "her", "it", "their", "they", "for", "but" na "plant". Yaangalie vizuri. Ili kurudisha "for" katika "to ask ___ grease", mtoto hahitaji kujua habari yoyote ya nyuki. Anahitaji kukumbuka kwamba "ask" hufuatwa na "for". Pengo la "strong" lina tatizo la kinyume: mbele ya "wire" unaweza kuweka "long", "thin", "thick", "new", na msomaji bora kabisa hana namna ya kujua mwandishi alitaka lipi. Pengo la kwanza ni rahisi mno kwa anayejua sarufi na halina uhusiano na habari. La pili haliwezekani hata kwa aliyeelewa kila kitu.

Sasa tuanze hesabu maneno mawili nyuma. Kifungu ni kilekile, hatua ni zilezile saba, ila tunafuta neno la tano, la 12, la 19 na kuendelea. Yanaondoka "and", "by", "their", "down", "bees", "grease", "not", "lost", "none", "to", "to" na "neighbour". Huu ni mtihani mwingine kabisa. Ndani yake mna "grease", "not" na "none", mapengo matatu ambayo huwezi kuyajaza kwa uhakika bila kuifuata hadithi. Mtoto yuleyule, asubuhi ileile, angepata alama tofauti kwenye karatasi hizi mbili, na tofauti hiyo haihusiani na uwezo wake wa kusoma. Imetokana na mahali ambapo mtunzi alianzia kuhesabu.

Charles Alderson, mtaalamu wa upimaji kutoka Uingereza, alilionyesha jambo hili mwaka 1979 kwa kubadilisha ukubwa wa hatua na kuona kwamba majaribio yaliyotoka hayakuwa yakipima kitu kimoja. Tangu hapo ushauri wa wenye kazi hii umekuwa wazi: kama lengo lako ni ufahamu, usiiachie hesabu. Chagua mwenyewe maneno ya kufuta, na ujue ni kwa nini umechagua kila moja.

Kuchagua kwenyewe kunaanzia kwenye swali moja unaloliuliza juu ya kila neno unalotaka kulifuta: ushahidi wa jibu uko wapi? Lyle Bachman, aliyeshughulikia suala hili miaka ya 1980, aliyagawa mapengo kwa kufuata hilo. Kuna pengo ambalo ushahidi wake uko palepale kwenye kishazi kilekile, kama "ask for". Kuna ambalo ushahidi uko kwenye kishazi kingine cha sentensi hiyohiyo. Kuna ambalo ushahidi uko katika sentensi nyingine, huenda ya nyuma, huenda ya mbele. Na kuna ambalo ushahidi haumo kabisa ndani ya kifungu, umo kichwani mwa msomaji. Aina ya tatu ndiyo inayopima usomaji wa kifungu. Ya pili inasaidia. Ya kwanza unaweza kuibakiza kidogo kwa ajili ya mtoto dhaifu asije akakata tamaa mapema, na ya nne uikwepe.

Namna ya kuzitambua ni rahisi, na ningependa kila mwalimu wa Kiingereza aijaribu. Nakili sentensi yenye pengo kwenye karatasi tupu, peke yake, bila kifungu. Mpe mwalimu mwenzako ambaye hajaona kifungu. Akijaza neno sahihi bila kusita, pengo hilo halihitaji kifungu na halipimi usomaji wake. Kisha mpe kifungu kizima. Akishindwa hapo, au akatoa neno jingine lenye mantiki, pengo lina kasoro ya upande wa pili. Pengo unalolitaka ni lile linalomshinda akiwa na sentensi peke yake na linalomfungukia akiwa na kifungu.

Chukua "When Asha saw this, she put ___ on her wire." Ikisimama peke yake, unaweza kuweka karibu chochote: maji, kitambaa, mizinga, nyuki. Ukiwa na kifungu, unajua tatizo ni wadudu wanaotembea kwenye kamba, unajua sentensi inayofuata inasema hawakuweza kupita, na ukisoma mpaka chini unakuta majirani wakija kuomba "grease". Neno liko palepale kwenye karatasi, likimsubiri anayesoma mpaka mwisho kabla ya kuanza kujaza. Mtoto akiandika "oil", ameelewa habari ingawa hakulinyaka neno lenyewe. Akiandika "honey", sentensi imekaa vizuri kisarufi, lakini mtoto huyo amepaka waya kitu ambacho wadudu wangekimbilia. Jibu moja kama hilo linamwambia mwalimu mengi kuliko sentensi tatu zilizonakiliwa.

Pengo la "The ants could ___ cross it" ni la namna hiyohiyo. Neno "easily" linakaa, "now" linakaa, "not" linakaa. Anayechagua kati yao ni yule aliyeelewa grisi iliwekwa kwa nini. Na "while she lost ___" inapokea "all", "many" na "none" bila sarufi kulalamika, ila hadithi inakubali moja tu.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata watunzi wazoefu. Ukifuta "grease" katika sentensi ya nne, usifute tena "grease" katika sentensi ya saba, kwa sababu ya pili ndiyo ushahidi wa ya kwanza. Ukizifuta zote mbili umemnyang'anya mtoto njia ya kufika. Kwa hiyo kila unapochagua neno la kufuta, pigia mstari kwa penseli maneno yanayobeba ushahidi wake, na uyachukulie kwamba hayaguswi. Ukimaliza kifungu utaona penseli imejaa na nafasi zilizobaki za kufuta si nyingi. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Katika maneno 86 ya kipande chetu baada ya sentensi ya kwanza, mimi nilipata mapengo matano niliyoyaona yanafaa: "rope", "grease", "not", "none", na "them" katika "She gives it to ___", ambalo linamtaka mtoto akumbuke wanaopewa ni nani na ni wengi. Kwa kiwango hicho, mapengo 25 yanahitaji kifungu cha maneno 400 na zaidi kidogo. Chini ya mapengo 20 alama moja ya kubahatisha inabeba uzito mkubwa mno, hivyo si busara kufupisha.

Kifungu chenyewe nacho kina masharti yake. Mwalimu wa Baiolojia atavutwa achukue ukurasa wa kitabu chake, na kama anataka kujua kitabu kitawafaa watoto wake, hiyo ni sawa, ndilo lengo la Taylor hasa. Lakini achague sehemu ambayo watoto hawakuifundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi. Mtoto aliyesoma usanisinuru darasani atajaza majina ya gesi bila kusoma mstari wa juu, na alama yake itapima kumbukumbu. Kama lengo ni kupima usomaji kwa jumla, habari fupi ya mtu aliyekutana na tatizo na kulitatua hufaa zaidi, kwa sababu kila sentensi hutegemea iliyotangulia na hakuna aliyeijua kabla. Mazingira yasiwe mageni bure. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi na wanafunzi wa Kijapani waliona mwaka 1989 kwamba kubadilisha tu majina ya watu na mahali ndani ya kifungu, yakawa ya Kijapani, kulipandisha alama. Mtoto wa Kigoma akisoma habari ya theluji na mahali pa moto pa sebuleni, unampima vitu viwili kwa mpigo na hutajua kipi kilimwangusha.

Mambo ya kuchapa ni machache. Mistari yote ya mapengo iwe na urefu mmoja, maana watoto husoma urefu wa mstari kama dokezo. Kila pengo liwe na namba. Kati ya pengo na pengo yabaki maneno matano au zaidi. Maelekezo yaseme kwamba ni neno moja tu kwa kila pengo, na yamwambie mtoto asome kifungu chote kwanza. Ukiweza, yaandike maelekezo hayo kwa Kiswahili, kwa kuwa hupimi uwezo wa kuelewa maelekezo.

Tukija kwenye kusahihisha, Taylor alikubali neno lilelile la mwandishi tu, na kwa kazi yake ilitosha: aliona kwamba kuhesabu visawe hakubadilishi sana mpangilio wa ipi rahisi na ipi ngumu. Kwa mwanafunzi wa lugha ya pili mambo ni mengine. Anayeandika "oil" na anayeandika "honey" wote watapata sifuri, na mwalimu atapoteza kile alichokuja kukitafuta. Hivyo kwa kupima ufahamu ni bora kukubali kila neno linaloafikiana na kifungu kizima. Kukubali huku kuna hatari yake: msahihishaji mmoja atakuwa na moyo laini, mwingine mgumu, na alama zitategemea karatasi iliangukia meza gani.

Dawa ni kuandaa mwongozo kabla mtoto yeyote hajafanya mtihani. Wape jaribio watu wanane au kumi wanaosoma Kiingereza vizuri, walimu wenzako na wanafunzi wa kidato cha sita, na uandike kila neno walilojaza. Maneno yao, yakishachujwa, ndiyo orodha ya majibu yanayokubalika. Zoezi hili pia huua mapengo mabovu mapema. Pengo letu la "rope" ni mfano mzuri. Nilipolichagua nilifikiri jibu ni moja. Ila tazama tena: "ants climb down the ___". Mizinga inaning'inia mtini, na wadudu kuteremka "tree" ni jambo la kawaida kabisa. Msomaji makini anaweza kuandika hivyo na asiwe na kosa. Unaweza kukubali yote mawili, lakini basi mtoto aliyeona tu neno "tree" mstari wa juu na kulinakili atapata alama sawa na aliyefuata kisa. Pengo kama hilo liondolewe. Kipande chetu kinabaki na manne.

Tahajia nayo iamuliwe mapema. Mtoto akiandika "gris" au "greese", unajua alichokusudia, na unapima kusoma, si kuandika. Mpe alama yake. Akiandika "they" badala ya "them", ujumbe umefika ingawa umbo limekosewa; wengine watakubali, wengine watakataa, na vyovyote vile uamuzi uandikwe kwenye mwongozo ili uwe mmoja kwa darasa zima. Kisha wasahihishaji wawili wasahihishe karatasi zilezile 20 kila mmoja peke yake. Wakitofautiana mahali, mwongozo ndio wenye pengo hapo, urekebishwe kabla ya kuendelea.

Baada ya hapo inakuja hatua ambayo shule nyingi huiruka: kulijaribu jaribio kwa watoto wanaofanana na wale utakaowapima, kwa mfano wa shule jirani. Watoto 30 wanatosha kwa kuanzia. Panga karatasi zao kwa jumla ya alama, chukua kumi za juu na kumi za chini, na uhesabu kila pengo moja moja. Tuseme pengo la "none" wamelipata wanane kati ya kumi wa juu na wawili kati ya kumi wa chini. Tofauti ni sita kwa kumi. Pengo hilo linawatenganisha wasomaji na wasio wasomaji, libaki. Tuseme pengo jingine wamelipata watano juu na watano chini. Halitofautishi kitu, pengine watu wanabahatisha, pengine jibu lina utata. Na ukikuta pengo ambalo wa chini wamelipata kuliko wa juu, rudi kwenye majibu yenyewe uyasome. Mara nyingi utagundua kwamba wanafunzi wazuri waliona maana ya pili ambayo wewe hukuiona, na mwongozo wako ukawaadhibu.

Lipo swali zito zaidi ambalo limewagawa watafiti kwa miaka mingi: je, jaribio hili linapima kweli ufahamu unaovuka sentensi, au ni sentensi moja moja tu? Mwaka 1977 Tetsuro Chihara, Oller na wenzao walivuruga mpangilio wa sentensi za kifungu wakawapa wanafunzi wa Kijapani wanaojifunza Kiingereza. Alama zilikuwa chini kuliko za kifungu kilichopangika. Hapo ilionekana mpangilio una kazi. Mwaka 1982 Timothy Shanahan na wenzake walifanya jambo kama hilo nchini Marekani wakaona kuvuruga hakuleti tofauti ya maana, wakahitimisha kwamba mapengo ya hesabu hayapimi uelewa unaounganisha sentensi. Kwa maoni yangu, mgongano huu unakuwa mdogo ukikumbuka tulichokiona juu: mapengo yanayotolewa kwa hesabu ni mchanganyiko wa bahati, na kila kifungu hutoa mchanganyiko wake.

La maana kwa mwalimu ni kwamba hahitaji kuchagua upande wa mjadala. Anaweza kulijaribu jaribio lake mwenyewe. Atengeneze nakala mbili, moja yenye kifungu kama kilivyo na nyingine yenye sentensi zilezile na mapengo yaleyale ila zimechanganywa. Nusu ya watoto, waliochaguliwa kwa kura, wapate ya kwanza, na nusu ya pili. Kama makundi yote mawili yatapata wastani unaokaribiana, jaribio linapima sentensi na arudi akachague mapengo upya. Kama waliopata kifungu kilichopangika wamewaacha wenzao mbali, anaweza kuliamini zaidi.

Alama zikishapatikana, kuna tarakimu mbili zinazozunguka kwenye vitabu vya ualimu, 44 na 57. Zilitoka kwa John Bormuth, miaka ya 1960, aliyelinganisha alama za mapengo na maswali ya kuchagua jibu: asilimia 44 kwenye mapengo ililingana na kama 75 kwenye maswali, na 57 ililingana na 90. Wengi huzitumia kusema mtoto huyu anaweza kusoma kitabu hiki akisaidiwa, na yule anaweza kukisoma peke yake. Lakini watoto wa Bormuth walikuwa Wamarekani wanaosoma lugha yao ya kwanza, kila neno la tano lilifutwa, na neno la mwandishi pekee ndilo lililokubaliwa. Jaribio tulilolitunga hapa halishiriki hata sharti moja kati ya hayo. Kuzihamisha tarakimu hizo ni kumhukumu mtoto wa Tandahimba kwa rula iliyokatwa kwa nguo nyingine.

Mpaka wa alama wa hapa lazima utafutwe hapa, na njia yake ni ya kukaa na watoto. Chukua wachache kutoka juu, kati na chini, mmoja mmoja, karatasi ikiwa imegeuzwa, na uwaombe wakusimulie habari ya Asha kwa Kiswahili. Usiwasaidie. Andika kama wametaja wadudu, grisi, sababu ya majirani kuja, na sharti la mti. Ukishasikiliza watoto 15 au 20 utaanza kuona ni alama ngapi za mapengo zinazoambatana na simulizi iliyokamilika, na ni alama ngapi ambazo chini yake kisa kinavunjika. Kuna watakaokushangaza. Mtoto mwenye alama saba kati ya 25 atakusimulia kila kitu, hata sharti la mti, kwa utaratibu. Huyo anaelewa anachosoma ila hana maneno ya Kiingereza ya kukurudishia, kwa kuwa jaribio la mapengo humtaka atoe neno, na kutoa ni kugumu kuliko kupokea. Watoto wa namna hiyo wakiwa wengi, wape toleo lenye orodha ya maneno juu ya kifungu, maneno mengi kuliko mapengo ili wasifike kwa kuondoa yaliyobaki, na ulinganishe. Mwingine atakuwa na alama 16 na simulizi yake itaishia kwenye "Asha ana nyuki". Soma karatasi yake tena, pengo kwa pengo, utaona ni yapi aliyoyapata. Yakiwa yote ni ya aina ya "ask for", tayari unajua ni mapengo yapi ya kupunguza kabla hujalitoa jaribio hilo tena.